Kura 63, kanuni tatu, washindi watatu: uchambuzi wa kipindi kimoja cha Uraia darasa la sita

Walimu wengi wa Uraia tukifika kwenye mada ya demokrasia tunafanya kitu kilekile. Unasimamisha watoto watatu wagombee umonita wa kuigiza, darasa linanyoosha mikono, yule anayependwa anashinda, makofi yanapigwa, afu mwalimu anauliza mmejifunza nini na jibu linakuja kwa sauti moja, "tumejifunza kuwa demokrasia ni nzuri mwalimuuu". Kengele. Kwenye andalio, safu ya tathmini, unajaza somo limeeleweka kwa asilimia 80 (hii asilimia 80 jamani sijui nani aliianzisha, iko kwenye maandalio ya nchi nzima).

Shida ya igizo la hivyo ni kwamba mtoto haamui kitu chochote. Anamchagua rafiki yake, na anajua kabisa kuwa monita halisi atapangwa na mwalimu wa darasa kesho asubuhi. Kinachofundishwa pale ni jinsi ya kunyoosha mkono tu. Sasa nataka tuchambue kisa kimoja cha shule ya msingi ya serikali, darasa la sita, ambapo mwalimu wa somo aliipanga hii mada tofauti na mimi nilikaa nyuma kama mwalimu wa taaluma nikiandika. Kilichotokea kwenye kuhesabu kura ndo sababu ya kuandika yote haya, lakini lazima nianze na mpangilio maana bila mpangilio ule matokeo yale yasingeonekana kabisa.

Darasa lilikuwa na hela. Mradi wao wa bustani ya mchicha ulikuwa umeingiza elfu 35 na mwalimu mkuu alikuwa ameshakubali kwamba darasa litaamua lenyewe itumikeje, ila kitu kiwe cha darasa zima na kisizidi hiyo bajeti. Hapa ndo pa kwanza pa kuangalia. Ukitaka watoto wachukulie kura kwa uzito, uamuzi uwe wa kweli, uwe mdogo, uwe ndani ya mamlaka ya darasa, na wewe mwalimu uwe tayari kuishi na jibu lolote litakalotoka. Kama kuna jibu moja ambalo hutalikubali liondoe kwenye orodha kabla, usisubiri lishinde ndo uanze kusema "wanangu hebu tufikirie upya". Watoto wana kumbukumbu ndefu sana kwenye mambo ya aina hiyo.

Kipindi cha kwanza, dakika 40, kilikuwa cha kutafuta mapendekezo na kuweka kanuni. Yalikuja mapendekezo mengi, yakachujwa kwa bei na kwa swali la nani atatumia, yakabaki matatu: mpira wa miguu, ndoo mbili za maji ya kunywa zenye koki zikae darasani, na vitabu vya hadithi vya kuanzisha kona ya kusoma. Kila pendekezo likapata watetezi wawili na alama yake ya kuchorwa. Mwalimu aliwaeleza kwamba alama sio urembo, mwaka 1965 kwenye uchaguzi wa kwanza wa wabunge chini ya chama kimoja wagombea wa Tanganyika walipewa jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua mtu wake. Watoto walilipenda hilo, wakachora mpira, ndoo na kitabu kwenye manila.

Halafu ikaja kamati ya uchaguzi, watoto watano, kwa masharti kwamba aliyeko kwenye kamati hapigii kampeni upande wowote. Kamati ikaandika kanuni ubaoni na mwalimu akasisitiza moja zaidi ya zote: mshindi ni pendekezo lenye kura nyingi za chaguo la kwanza, hata kama halijafika nusu. Wakakubaliana, wakanakili kwenye madaftari. Kumbukeni hii sentensi, itarudi kwa kishindo.

Karatasi ya kura yenyewe ilikuwa na ujanja wake. Badala ya kuweka tiki moja, mtoto aliandika 1 kwenye anachokitaka zaidi, 2 kinachofuata na 3 cha mwisho. Mmoja akauliza kama kura zinahesabiwa kwa namba 1 tu hizo nyingine za nini, mwalimu akajibu kwamba za 2 na 3 hazibadilishi mshindi, ni za kujifunzia baada ya matokeo. Aliwaambia wazi mapema, na ilimsaidia sana baadae.

Upande wa vifaa hamna gharama kubwa. Karatasi ya A4 ukiikata vipande nane, karatasi tisa zinakupa kura 72, na rejesta ilikuwa na majina 71. Boksi la chupa za maji lililofungwa kwa gundi na kutobolewa juu. Rejesta ya mahudhurio ndo daftari la wapiga kura. Peni ya bluu kwenye kidole kidogo ndo wino. Kitu kinachowaangusha wengi ni muda. Darasa la watoto 66 (ndo waliohudhuria siku hiyo), kila mmoja akitumia nusu dakika kwenye kituturi kimoja, hiyo ni dakika 33, kipindi kimekwisha hujahesabu hata kura moja. Walitengeneza vituturi vitatu, madawati yaligeuzwa yakaangalia ukuta wa nyuma na mabegi yakapangwa pembeni kama kizuizi, watoto 22 kila kituturi, ikaisha kwenye dakika 12 hivi. Usiri ulikuwa wa kweli kiasi kwamba karani mmoja wa kamati alimfukuza rafiki yake aliyekuwa anachungulia, akamwambia kaa mbali mita mbili, sijui mita mbili aliitoa wapi.

Kampeni nitazipita haraka, zilikuwa kampeni tu. Isipokuwa jambo moja. Wakati wa mapumziko ikaonekana mtetezi mmoja wa mpira anagawa ubuyu nyuma ya choo. Taarifa ikafika kwa kamati, na mwalimu hakuingilia, aliwaachia kamati wakaamua. Wakabishana, mmoja akataka mpira uondolewe kabisa kwenye kinyang'anyiro, mwingine akasema hapo unawaadhibu wote wanaotaka mpira kwa kosa la mtu mmoja. Mwisho wakamvua yule utetezi na pendekezo likabaki na mtetezi mmoja. Kwa umri wa miaka 11 na 12 huo ni uamuzi mzuri kuliko baadhi ya maamuzi ninayoyaona kwa watu wazima.

Sasa siku ya kura, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Baada ya kupiga, kabla ya kufungua boksi, kamati ilifanya ulinganifu ubaoni: kura zilizokatwa 72, zilizobaki mkononi 6, kwa hiyo ndani ya boksi lazima ziwe 66 sawa na tiki za rejesta. Zikatoka 66. Tatu zikaharibika, moja ilikuwa na namba 1 mbili, moja ina tiki kila mahali, na ya tatu imeandikwa "Yanga bingwa". Watetezi wa pande zote walizikagua hizo tatu wakakubali. Zikabaki kura halali 63.

Namba 1 zilisomwa kwa sauti, moja moja, mtoto mmoja ananyanyua karatasi juu na mwingine anapiga vijiti ubaoni. Mpira 27, maji 20, vitabu 16. Kamati ikatangaza mpira umeshinda, upande mmoja wa darasa ukaruka juu ya madawati na upande mwingine ukanuna. Hapo igizo la kawaida linaishia. Hapa ndo mwalimu alianza kufundisha.

Akawaambia kamati wapange zile kura 63 kwenye mafungu kulingana na mpangilio mzima wa namba. Vitu vitatu vinaweza kupangwa kwa namna sita tu, kwa hiyo mafungu sita mezani. Yalitoka hivi:

Mpira, vitabu, maji: 23
Mpira, maji, vitabu: 4
Maji, vitabu, mpira: 17
Maji, mpira, vitabu: 3
Vitabu, maji, mpira: 13
Vitabu, mpira, maji: 3

Swali lake la kwanza lilikuwa dogo tu. Wangapi hawakuweka mpira namba 1? Watoto wakajumlisha, 36. Kwa hiyo mpira umeshinda huku wengi wa darasa walitaka kitu kingine. Kukawa na minong'ono. Akaendelea, je kama kanuni yetu ingetaka mshindi avuke nusu? Nusu ya 63 ni 31 na kidogo, kwa hiyo ingehitajika 32. Hakuna aliyefika. Basi wa mwisho anatoka, duru ya pili wanabaki wawili. Akamwita mtoto mmoja achukue yale mafungu mawili ya vitabu kwa mkono, karatasi 16, azipeleke kwa chaguo lao la pili. Kumi na tatu zikaenda kwenye maji, tatu kwenye mpira. Maji 33, mpira 30. Watoto wote wamesimama wanaangalia meza, maana kura ni zilezile, hakuna aliyebadilisha mawazo, hakuna aliyeiba, na mshindi amekuwa mwingine.

Kabla hawajatulia akaleta ya tatu. Namba 1 ipewe pointi mbili, namba 2 pointi moja, namba 3 sifuri. Mpira unapata 54 za chaguo la kwanza na 6 za chaguo la pili, jumla 60. Maji 40 na 17, jumla 57. Vitabu 32 za kwanza lakini watu 40 waliviweka namba 2, jumla 72. Vitabu, vilivyoshika mkia mwanzoni, vimeongoza. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akasema "mwalimu sasa hapa ukweli ni upi" na nadhani hilo ndo lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, likatoka kwa mtoto sio kwenye andalio.

Mwalimu hakulijibu moja kwa moja. Alisema kila kanuni inauliza darasa swali tofauti. Ya kwanza inauliza kundi gani ni kubwa kuliko mengine. Ya pili inauliza kati ya hawa wawili wakubwa, wengi wenu mnamvumilia nani. Ya tatu inauliza kitu gani kinakubalika kwa watu wengi hata kama sio kipenzi chao. Watoto wa mpira waliweka vitabu namba 2 kwa sababu (wenyewe walisema hivi) ndoo za maji maana yake zamu ya kuchota. Na watoto wa maji waliweka vitabu namba 2 kwa sababu mpira wanauchezea wachache. Kwa hiyo vitabu vilikuwa namba 2 ya karibu kila mtu wa pande hizo mbili. Ukipiga kura ya tiki moja hiyo habari yote inapotea, haionekani popote.

Basi likaja joto lenyewe. Upande wa maji ukaanza kudai, mwalimu tutumie ile ya pili, ile ndo ya haki. Upande wa mpira ukapiga kelele kwamba tulikubaliana. Vitabu nao wakadai yao. Mwalimu akawaacha kama dakika tatu hivi, mpaka mwenyekiti wa kamati mwenyewe akafungua daftari akasoma ile kanuni waliyoandika wote: kura nyingi za chaguo la kwanza, hata kama halijafika nusu. Kimya. Mwalimu akasema mpira umeshinda na utanunuliwa Jumamosi. Anayetaka kanuni nyingine aipendekeze kwa ajili ya uamuzi unaofuata, kabla hatujajua nani atashinda.

Ninyi mnaotaka kujaribu hili somo, hapa msiyumbe. Vishawishi ni vikubwa kwa sababu hata mwalimu mwenyewe moyoni alitaka vitabu (aliniambia baadae, na mimi pia nilivitaka). Ila ukibadilisha kanuni baada ya kuhesabu, hata kama mpya ni bora, umewafundisha kwamba kanuni ni kitu cha kutafuta baada ya kujua unataka nani apite. Na ndo maana kanuni lazima iandikwe na wote na isomwe na mtoto. Ikitoka kwenye mdomo wako tu, watakuona wewe ndo umeamua.

Kuna mtoto wa upande wa mpira alikuja na hoja kali, akasema hiyo ya pointi ni rahisi kuichezea, "ningejua ningeweka vitabu namba 3". Mwalimu akamwambia haya tujaribu ubaoni, wale 23 wote walioweka vitabu namba 2 wabadilishe waweke namba 3. Vitabu vinashuka kutoka 72 hadi 49. Lakini zile pointi 23 hazipotei, zinaenda kwenye maji, kutoka 57 hadi 80. Maji yanashinda, ile zamu ya kuchota aliyokuwa anaikimbia imemkuta. Akajaribu wachache, wakibadilisha 13 tu? Vitabu 59, mpira 60, ila maji 70. Hakuna idadi inayoupa mpira ushindi pale. Darasa lilicheka sana, ila hoja yake ya msingi ilibaki kuwa kweli kwamba kwenye kanuni ya pointi mtu anashawishika kudanganya chaguo lake la pili, na mwalimu akaiandika ubaoni kama udhaifu wa kanuni hiyo.

Sasa mifano ya nje ya darasa, hapa ndo pa kuunganisha na nchi na usiiweke mapema, iweke baada ya mafungu ya karatasi. Kenya 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, Moi alishinda kwa kura kama asilimia 36. Matiba alikuwa na kama 26, Kibaki na Jaramogi Oginga wakagawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Kulikuwa na sharti la kupata angalau robo ya kura kwenye mikoa mitano kati ya minane, Moi akalitimiza, lakini hakukuwa na sharti la kuvuka nusu. Mtoto aliyeona mpira unashinda kwa 27 kati ya 63 anaielewa hiyo bila maelezo marefu. Katiba yao ya 2010 ikaja kutaka zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura kwenye angalau kaunti 24 kati ya 47, na asipopatikana mtu inaenda duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka kwa asilimia 50.07, kwa hiyo ule mstari wa nusu sio mapambo.

Na sisi huku? Mwaka 1995 sheria yetu ilimtaka rais avuke nusu, na Mkapa alipata karibu asilimia 62. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000 yakaondoa sharti hilo, sasa anatangazwa aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, yaani kanuni ileile ya mpira wa darasa la sita. Onyo langu kwa walimu: ishia kwenye kanuni, usiingie kwenye nani angeshinda mwaka fulani kama kanuni ingekuwa nyingine. Kwenye zile kura za watoto tunazijua namba 2 zao. Kwenye kura za nchi hizo namba 2 hazipo, kwa hiyo ukisema "fulani angeshinda" unabuni, na mzazi mmoja atakuja ofisini.

Tafakuri ilichukua dakika 25 na hii ndo sehemu walimu huwa tunaikata ikibaki dakika tano. Maswali yalikuwa matatu tu, na kila swali mtoto aliandika kwanza peke yake kimya dakika tatu kabla mtu yeyote hajaongea. Hiyo ya kuandika kwanza ina sababu. Ukianza na mazungumzo, watoto watano wanaojua kuongea wanamaliza majibu na wengine 61 wanaitikia.

La kwanza: kama ulichotaka hakikushinda, kuna kitu gani kwenye utaratibu wetu kinakufanya ukubali matokeo, na kama hakuna sema hakuna. Angalia swali linavyoruhusu jibu baya. Wengi waliandika kuhusu kuona kura zikisomwa kwa sauti. Mmoja akaandika "nimekubali kwa sababu zile kura tatu zilizoharibika hata wa upande wetu aliziona". Mwingine akaandika hakuna, kwa sababu ubuyu ulishaliwa. Na hakukosea.

La pili: uamuzi huu utamletea nani kazi au hasara, na je alisikilizwa? Hapa wasichana waliamka. Kwa mpira hasara ilikuwa wazi, uwanja wa shule ni mmoja na wavulana wanauteka. Lakini binti mmoja akasema hata maji yangeshinda, wa kuchota wangekuwa wao, maana kwenye kampeni mtetezi wa maji alisema "dada zetu watasaidia". Darasa likatulia kidogo. Mwalimu akauliza je wengi wanaweza kupiga kura kwamba fulani asitumie mpira kwa sababu ni msichana? Mabishano yakawa marefu na nikaona ile mistari ya kitabu kuhusu haki za walio wachache imepata mwili. Walikubaliana kwamba kura imeamua kitu cha kununua, haijaamua nani aachwe, wakaweka siku mbili za wiki uwanja na mpira ni wa wasichana. Na hilo halikupigiwa kura, walisema halipigiwi.

Pembeni kidogo, mwalimu aliwapa hapa kisa cha Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali izunguke kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walitaka kubaki na kimoja, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa 1992. Watoto walishangaa, iweje wachache washinde? Aliwaachia hilo kama swali la nyumbani waulize babu na bibi zao. Mimi naona lilistahili kipindi chake lenyewe, pale lilibanwa, ila majibu yaliyorudi kesho yake yalikuwa matamu.

La tatu: kanuni gani ungebadilisha kwa uamuzi unaofuata, na kwa nini, bila kujua tutaamua nini. Wengi wakataka duru ya pili. Wachache wakang'ang'ania ibaki ileile kwa sababu ni fupi na kila mtu anaweza kuihesabu mwenyewe, hoja nzuri tu. Yule wa "ningeweka namba 3" akawa mpinzani mkubwa wa pointi. Mwisho darasa likapitisha duru ya pili kwa muhula unaofuata. Wakaipitisha kwa kunyoosha mikono, na kabla ya hapo wakabishana dakika mbili nzima je kubadilisha kanuni kunahitaji nusu au theluthi mbili. Hilo hakuna aliyewafundisha.

Kipimo cha kama wameelewa kilikuja kipindi kilichofuata. Karatasi mpya: kijiji cha watu 30 kinachagua mahali pa kisima. Shuleni 12, sokoni 10, zahanati 8, na wote wanane wa zahanati chaguo lao la pili ni sokoni. Nani ameshinda? Mtoto anayejibu "shuleni" tu au "sokoni" tu, huyo bado. Mtoto anayejibu "shuleni kama ni kura nyingi tu, sokoni kwa 18 dhidi ya 12 kama kuna duru ya pili, na watu wa shuleni watalalamika kanuni ikibadilishwa sasa hivi" huyo ameipata. Tofauti ya majibu hayo mawili unaiona kwenye mstari mmoja, hauhitaji insha. Kwenye lile darasa zaidi ya nusu walijibu kwa kutaja kanuni, kundi la pili walipiga hesabu vizuri ila wakasema sokoni ndo "mshindi wa kweli", kwa hiyo kwao ile duru ya pili imegeuka kuwa ukweli badala ya kanuni mojawapo. Mwalimu aliliandika hilo kwenye maoni kama ndo la kurudia, sio asilimia 80.

Mipaka ya somo hili nayo niseme. Sio kila darasa kura zitatoka na washindi watatu, mara nyingi kanuni mbili zitakubaliana na pengine zote tatu, hasa kama kuna pendekezo moja limependwa mno. Ikitokea hivyo usilazimishe. Hesabu kura zao kwa kanuni zote, waone zimekubaliana na kwa nini (mshindi amevuka nusu mwanzoni, basi duru ya pili haina la kubadilisha), halafu toa yale mafungu sita niliyoandika hapo juu kama kura za darasa lingine. Mapendekezo yasizidi matatu kwa darasa la msingi, ukiweka manne mpangilio unakuwa wa namna 24 na meza haitoshi. Na kama darasa lina wasiosoma vizuri, namba 1, 2, 3 chini ya picha zinatosha, ila wafanye jaribio la kura moja ya mfano ubaoni kwanza, la sivyo kura zilizoharibika zitakuwa nyingi na utapoteza nusu ya somo kuzijadili.

Mkiwa na kipindi kimoja tu cha dakika 40 basi kampeni iondoeni, sio tafakuri. Kura wapige asubuhi kabla ya mstari au wakati wa mapumziko, kamati ipange mafungu mapema lakini isitangaze, na kipindi kianze na boksi lililofungwa mezani.